Laini na hela za simu za marehemu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wananiuliza tangu nilipofuatilia hela za shangazi yangu, aliyekuwa anauza vitenge na hela zake karibu zote zilikaa kwenye simu. Nimeandika kwa hali ya Tanzania bara, Zanzibar na Kenya nimezigusa mwishoni. Mitandao inatofautiana kidogo kwenye makaratasi, ila mzunguko ni ule ule.

## Siku za mwanzo

Msiba umetokea leo, simu ya marehemu tuifanyeje?

Ichajiwe, iwekwe kwa mtu mmoja anayeaminika na familia nzima, na isizimwe wala kufutwa chochote. Nasema mtu mmoja kwa sababu msibani simu inapita mikono kumi, huyu anatafuta namba ya mjomba, yule anajibu simu, mwingine anaangalia picha, mwisho wa siku hakuna anayejua nani alifungua nini, na hela ikionekana imepungua lawama inamwangukia aliyeishika mwisho.

Usiikimbilie kuiflashi ati ipate mtoto wa kuitumia. Meseji zilizomo humo ndiyo ushahidi wenu. Kwa shangazi tulichokuwa nacho siku ile ni meseji moja tu ya muamala wake wa mwisho, alituma 20,000 kwa fundi cherehani, na chini yake imeandikwa salio lililobaki 612,400. Mdogo wangu akaipiga picha ile meseji kwa simu nyingine, tarehe na namba ya muamala vinaonekana. Ile picha ndiyo iliyotuwezesha kuandika kiasi kwenye fomu ya mahakama bila kugusa namba ya siri ya mtu.

Kama simu imefungwa na hamjui namba ya kuifungua, toeni laini muiweke kwenye kitochi. Meseji za zamani hamtaziona, lakini mpya zitaingia. Laini ikidai namba yake yenyewe ya siri msibahatishe, ukikosea mara tatu inafunga na kudai PUK.

Namba ya siri naijua, kuna ubaya gani nikitoa hela tukanunulia sanda na chakula cha msiba?

Hili ndilo swali namba moja na naelewa kabisa linatokea wapi, maana jeneza halisubiri mahakama. Lakini mtu akishafariki zile hela si zake tena na si zako, ni mirathi, ziko sawa na shamba au hela ya benki. Anayezigusa kabla ya msimamizi kuteuliwa anaweza kuja kudaiwa azirudishe, na mrithi yeyote, hata yule mtoto wa nje ambaye hamkujua kama yupo, ana haki ya kuuliza zilikwenda wapi.

Kuna na jambo la kumbukumbu. Muamala unaandikwa tarehe na saa. Cheti cha kifo kinasema amefariki tarehe 4, taarifa ya miamala inaonyesha tarehe 6 ametoa 300,000 kwa wakala wa Mbagala. Ukienda kudai kilichobaki utaulizwa, na utakuwa umejiweka pabaya mwenyewe.

Gharama za mazishi zinatambulika. Changeni, tumieni hela zenu, tunzeni risiti, halafu msimamizi anazirudisha kutoka kwenye mirathi kabla ya kugawa. Kwa shangazi tulifanya hivyo, na aliyekopesha sanda na usafiri alirudishiwa yake mbele ya wote, hakukuwa na kelele.

Tuwajulishe mtandao mara moja au tusubiri kwanza?

Kama laini mnayo mkononi na mna uhakika nayo, mna siku chache za kutulia. Kama simu imepotea, imeibiwa ajalini, au kuna mtu mwingine anaijua namba ya siri na hamumwamini, pigeni huduma kwa wateja siku hiyo hiyo muombe akaunti ya hela izuiwe. Kuzuia hakuhitaji makaratasi ya mirathi, kwa kawaida watauliza jina kamili, namba ya kitambulisho cha NIDA ikipatikana, na uhusiano wako, halafu watakuambia upeleke cheti dukani.

Ombeni kuzuiwa akaunti ya hela, na mtaje kwamba laini hamtaki ifungwe bado. Ni vitu viwili tofauti. Laini inaendelea kupokea simu za watu ambao hawajapata habari, na meseji za benki zinazoonyesha marehemu alikuwa na akaunti wapi. Sisi tuligundua kikundi cha kuweka akiba ambacho shangazi hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu tu meseji ya kukumbusha mchango iliingia wiki ya 2 baada ya mazishi.

Watu wametuma rambirambi kwenye namba ya marehemu mwenyewe, tunafanyaje?

Inatokea sana. Mtu anafungua simu, jina analolijua ni la marehemu, anatuma. Kwa shangazi iliingia 85,000 kutoka kwa watu 3. Kama imeshaingia msiitoe, mpigieni aliyetuma aombe mtandao wake umrudishie muamala kama uliotumwa kimakosa, na afanye hivyo mapema. Ikishindikana basi inabaki kuwa sehemu ya salio na italipwa pamoja na lile.

Angalieni pia kama marehemu alikuwa na deni la nyongeza ya muamala, zile huduma kama Songesha. Hela yoyote inayoingia inakatwa kwanza kulipa deni, kwa hiyo aliyetuma 50,000 anaweza asirudishiwe yote. Tangazeni mapema namba ya kupokelea rambirambi, iwe ya mtu aliye hai.

## Makaratasi

Mtandao unataka makaratasi gani hasa?

Ukienda dukani, yaani duka lenyewe la mtandao na siyo wakala wa mtaani mwenye mwamvuli, kwa kawaida utaombwa hivi:

- cheti cha kifo kutoka RITA, halisi pamoja na kopi
- barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi
- kitambulisho cha NIDA cha msimamizi mwenyewe, na yeye mwenyewe awepo
- laini ya marehemu kama ipo, au taarifa ya polisi ya upotevu kama haipo
- barua ya maombi iliyoandikwa na msimamizi ikitaja namba ya simu na wapi hela zilipwe

Hiyo ya mwisho watu wanaisahau na wanarudishwa. Andikeni kabisa nyumbani, ukurasa mmoja unatosha.

Kibali cha mazishi siyo cheti cha kifo. Barua ya mtendaji wa mtaa siyo cheti cha kifo. Hizo zinakusaidia kupata cheti, ila dukani peke yake hazitoi hela.

Kwa nini wasitoe tu hela kwa mke au mtoto mkubwa, si wanaona kabisa ni familia?

Kwa sababu wao hawajui nani ni mrithi na siyo kazi yao kujua. Hela unayoiona kwenye simu kiuhalisia imekaa kwenye akaunti ya amana benki, mtandao unaitunza kwa niaba ya mwenye jina. Wakimpa mke mdogo leo na kesho akaja mke mkubwa na cheti cha ndoa, mtandao ndio utakaolipa mara ya pili. Barua ya mahakama inawaondolea huo mzigo, inamtaja mtu mmoja, na akikosea kugawa anawajibika yeye.

Ndiyo maana kuwa mtu wa karibu, au hata kuandikwa mahali kama ndugu wa kuwasiliana naye, hakukupi haki ya kuchukua hela.

Cheti cha kifo kinapatikanaje?

Akifia hospitali, hospitali inatoa taarifa ya kifo, unaipeleka kwa msajili ofisi ya wilaya au unaomba kupitia mfumo wa RITA wa mtandaoni. Akifia nyumbani unaanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, ukichelewa bado utapata ila ushahidi unaotakiwa unaongezeka na safari zinakuwa nyingi.

Kabla hujaondoka dirishani soma jina herufi kwa herufi ukilinganisha na kitambulisho chake cha NIDA. Usisome haraka. Kinachotokea ukikosea nimekieleza kwenye swali la majina kutofautiana.

Hiyo barua ya msimamizi tunaipata wapi, na inachukua hatua gani?

Kama mirathi inafuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, mnaenda mahakama ya mwanzo ya pale marehemu alipokuwa anaishi. Familia inakaa kikao kwanza, inamchagua mtu, muhtasari unaandikwa na waliohudhuria wanasaini. Kisha huyo mtu anajaza Fomu namba 1, anaambatanisha cheti cha kifo na muhtasari, mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na muda ukipita bila pingamizi anateuliwa kwa Fomu namba 4. Ukisikia watu dukani wanasema "umekuja na fomu namba nne?" ndiyo hiyo.

Kama marehemu maisha yake hayakufuata mila wala dini ya Kiislamu, tuseme familia ya Kikristo iliyoishi hivyo, shauri linaenda mahakama ya wilaya au Mahakama Kuu, na karatasi mtakayopewa itaitwa barua za usimamizi wa mirathi. Dukani kazi yake ni ile ile.

Kwenye orodha ya mali andikeni na hela za simu, mkitaja mtandao, namba na kiasi. Watu wanaandika nyumba, kiwanja, ng'ombe, simu wanaisahau, halafu mtandao unaona fomu haina kitu kinachohusiana nao unaomba barua nyingine ya mahakama. Sisi hiyo ilitupata kabisa. Fomu 4 tulikuwa nayo, mhudumu akaisoma akasema anataka barua ya mahakama inayotaja namba ya laini. Tukarudi, karani akaiandika, lakini ilikula siku 9 kwa sababu hakimu alikuwa safarini. Ungeomba barua hiyo siku ile ile unayochukua Fomu 4 ungemaliza kila kitu kwa safari moja.

Salio ni dogo, 30,000 au 40,000, kweli niende mahakamani?

Kwa hiyo peke yake nauli itaimaliza. Ila mara nyingi siyo hiyo peke yake, kuna hela benki, kuna mafao, kuna kiwanja, na hivyo vyote vinadai msimamizi. Fungueni mirathi moja, hela za simu ziingie humo humo, makaratasi yale yale mnayapeleka benki na kwenye mtandao.

Kama kweli hakuna mali nyingine yoyote, nenda dukani na cheti cha kifo uwaulize kama wana utaratibu mfupi kwa kiasi kidogo, na jibu lao liwe la maandishi. Usikubali la mdomo, maana mhudumu wa Jumatatu na wa Ijumaa wanaweza wasiseme kitu kimoja.

## Dukani na malipo

Nikishakabidhi makaratasi hela inalipwa vipi?

Wanalinganisha jina la laini na cheti, wanapeleka makao makuu kwa uhakiki, halafu salio linahamishwa. Linaenda kwenye akaunti ya benki ya mirathi au ya mahakama kama mahakama imeelekeza hivyo, au kwenye namba ya msimamizi iliyosajiliwa kwa jina lake. Usitegemee kuhesabiwa noti pale kaunta.

Dai karatasi yenye namba ya kumbukumbu ya maombi yako na jina la aliyepokea. Omba pia taarifa ya miamala kuanzia tarehe ya kifo hadi siku ya malipo. Kwa shangazi ilionyesha 612,400 jumlisha rambirambi 85,000, ikawa 697,400, na hakuna kilichotoka katikati. Karatasi ile iliondoa mnong'ono wote uliokuwa umeanza kwamba aliyeshika simu alikuwa anachota kidogo kidogo.

Msimamizi naye hajamaliza kazi hapo. Ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa anatakiwa apeleke mahakamani Fomu namba 5, orodha ya mali na madeni, na akishagawa anajaza Fomu namba 6 ya hesabu.

Laini imepotea, wakala hawezi kuirudisha kwa kidole changu?

Hawezi. Usajili wa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019 na tangu hapo laini imeunganishwa na kitambulisho na kidole cha mwenyewe. Ukiweka chako mfumo unakilinganisha na namba ya NIDA ya mwenye laini, ile yenye tarakimu 20, unaona siyo mwenyewe, unakataa. Akitokea wakala anayekwambia anaweza kuipitisha kwa njia nyingine kwa elfu 20, kimbia, kwa sababu mtu anayeweza kurudisha laini ya marehemu kwako anaweza kuirudisha na kwa mwizi.

Bila laini hela bado zipo, akaunti haikai kwenye kile kikadi. Pata taarifa ya polisi ya upotevu na uendelee na makaratasi yale yale.

Tunaweza kuibakiza namba yake? Wateja wake wote wanaijua.

Namba siyo mali ya kurithi kama hela, mtandao una haki ya kuipa mtu mwingine ikikaa bila kutumika, na ndiyo maana kuna watu wanapiga namba ya mama yao baada ya mwaka anapokea mgeni. Inauma sana hiyo. Kama mnaitaka msiiache ikalala miezi. Msimamizi anaomba kubadilisha umiliki, anayepewa anasajiliwa upya kwa NIDA na kidole chake, na akaunti ya zamani ya hela inafungwa baada ya salio kulipwa.

Fanyeni hesabu ya vitu vilivyounganishwa na ile namba kabla haijafa au kuhama: benki, wasapu, Luku, kikundi cha akiba. Kikundi kinachotumia M-Koba au mfumo unaofanana nao kinahitaji kujulishwa na viongozi wake, maana akiba ya mwanakikundi haionekani kwenye salio la kawaida na msipouliza hakuna atakayewaambia.

## Mambo magumu

Jina kwenye laini na kwenye cheti havifanani, wamekataa.

NIDA inasema Mwanaidi Salum Juma, cheti kinasema Mwanaidi S. Kombo kwa sababu msibani aliyetoa taarifa alitumia jina la ukoo. Kama kosa liko kwenye cheti rudi RITA kirekebishwe. Kama marehemu kweli alitumia majina yote mawili, ndugu anaapa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba ni mtu mmoja, akitaja majina yote na namba ya NIDA, na mahakama iandike majina yote kwenye barua ya msimamizi. Tofauti ya herufi moja nayo inatosha kukurudisha, Fatuma na Fatma kwa mfumo ni watu wawili.

Laini aliyotumia ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Hapo mtandao unahesabu hela ni za aliyesajiliwa, na yeye akiwa hai anaweza kuzitoa kama kawaida. Mkae naye kifamilia, mbele ya mashahidi, akubali kwa maandishi kwamba zilikuwa za marehemu. Akigoma mna kesi ya kuthibitisha, na meseji za biashara ndizo zitakazowasaidia. Wewe mwenyewe ukitaka kujua laini ngapi zina jina lako, piga `*106#` leo.

Marehemu alikuwa wakala, au ana Lipa Namba ya duka.

Hiyo inafuata usajili wa biashara. Salio la uwakala na kamisheni viko kwenye akaunti tofauti na laini yake binafsi, kwa hiyo andikeni maombi mawili na mbebe na makaratasi ya biashara, TIN na leseni. Lipa Namba iondoeni ukutani siku hiyo hiyo. Mteja anaendelea kulipia sukari kwa namba ambayo hamuwezi kuitoa hela, na mzigo unaisha dukani.

Mjane yuko kwenye eda, nani afuatilie?

Anayetakiwa kufika na kidole chake ni msimamizi. Familia nyingi zinamteua mtoto mkubwa au kaka wa marehemu ili mama amalize miezi yake 4 na siku 10 kwa utulivu, na fungu lake liko pale pale. Akitaka awe yeye, akaunti ikishazuiwa hakuna kinachopotea kwa kusubiri.

Kuna mtu amepiga, anasema anatoka mtandaoni, anataka namba ya siri ili alipe hela za marehemu haraka.

Tapeli. Wanasikia matangazo ya vifo, wanaona namba kwenye picha za rambirambi, wanapiga siku ya 3 watu wakiwa wamechoka. Mtandao haukuhitaji namba ya siri kulipa mirathi, wanaihamisha wenyewe kutoka ndani. Kata simu uombe akaunti izuiwe kama hamjafanya.

Zanzibar na Kenya ni tofauti sana?

Zanzibar vifo vinasajiliwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na mirathi ya Waislamu inapita Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana na mahakama ya Kadhi, kwa hiyo usiende na Fomu 4 kichwani, uliza wanatoa karatasi gani.

Kenya kifo cha nyumbani kinaanzia kwa chifu msaidizi, cheti kinaombwa kupitia eCitizen, na barua ya chifu inayotaja warithi ndiyo inayofungua mlango wa mahakama au wa Mdhamini wa Umma. Hilo la kutoa hela kwa namba ya siri ya marehemu kule limeandikwa wazi, kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinalifanya kosa, faini hadi shilingi 10,000 au kifungo hadi mwaka 1, na ulichochukua unakirudisha. Hela iliyokaa bila mwenyewe inaishia kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, UFAA, na warithi wanaweza kuidai kule hata baada ya miaka.